Wiki ya mwisho kabla ya mashindano: jinsi ya kumpunguzia mkimbiaji wa shule mzigo bila kumzima

Kila msimu yarudi yale yale. Mtoto amekimbia vizuri mwezi mzima, stopwochi yaonyesha, halafu siku yenyewe akifika raundi ya tatu miguu imekuwa magogo. Ukiuliza wiki hiyo alifanya nini utaambiwa moja kati ya mawili: ama Jumatano alikimbizwa trayo "tuone amefika wapi", ama alikalishwa kitako tangu Jumatatu "apate kupumzika". Yote mawili humwangusha, ila kwa sababu tofauti.

Nitatumia mkimbiaji mmoja tu mwanzo mpaka mwisho, binti wa Fomu Tatu, mita 1500, mashindano ya kaunti Jumamosi saa nne asubuhi hapa Mombasa. Lengo lake ni dakika 5 kamili. Ukimwelewa huyu, wako utamrekebishia mwenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la mazoezi yake ya wiki tatu au nne zilizopita. Hili ndilo la lazima.
- Stopwochi, hata ya simu yatosha.
- Tepu ya mita 50 na chupa za maji tupu za kuwekea alama, maana viwanja vyetu vingi vya shule havina mistari na ile "raundi moja ni mia nne" ya kukisia huwa haifiki mia nne.
- Ratiba ya siku ya mashindano: saa ngapi, na ameandikwa mbio ngapi.
- Viatu au spaiki anazozitumia kila siku. Mpya ziwekwe mpaka wiki ijayo.

## Hatua ya 1: Jua wiki yake ya kawaida ni kilomita ngapi

Huwezi kupunguza kitu usichojua ukubwa wake. Kaa na daftari ujumlishe. Wa kwangu wiki yake ilikuwa hivi: Jumatatu kilomita 7 za taratibu, Jumanne intavali (mita 400 mara 8, na kupasha mwili na kupoa ikafika kilomita 7), Jumatano 6 za taratibu, Alhamisi 6 za kasi ya wastani, Ijumaa mapumziko, Jumamosi 10, Jumapili mapumziko. Jumla 36.

Hapo sasa muulize kile ambacho hakiko kwenye daftari. Huyu anakaa Likoni, shule iko ng'ambo ya pili, kwa hiyo kila siku ni kutembea mpaka feri, kusimama na umati kwenye jua, kuvuka, kupanda ule mlima na watu, halafu matatu. Na jioni akifika nyumbani kuna madumu ya maji. Miguu haijui kwamba hayo si mazoezi, yenyewe yahesabu yote. Kwa mvulana ongezea kandanda ya mapumziko ya saa nne na ile ya baada ya shule, ambayo kocha mara nyingi haijui kabisa.

Ukimaliza hatua hii uwe na namba moja mkononi. Kwetu ni 36.

## Hatua ya 2: Kazi ngumu ya mwisho iwe siku 9 au 10 kabla

Mazoezi hayampi mtu nguvu siku ile anapoyafanya, siku ile yanampa uchovu tu. Nguvu huja baadaye mwili ukishajijenga upya, na kwa kazi nzito hiyo huchukua wiki moja na zaidi. Sasa hesabu mwenyewe: kazi ya Jumatano itakulipa baada ya Jumamosi imeshapita, na Jumamosi yenyewe utaenda uwanjani na deni.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama ya mtoto wa watu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na msichana mwingine, Jumatano ya wiki ya mashindano nikamkimbiza 1500 nzima na wavulana, akapiga dakika 5 na sekunde 2, nikafurahi mpaka nikapigia watu simu. Jumamosi akakimbia 5 na 14 akawa wa sita. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na woga. Mbio zake alishazikimbia Jumatano.

Kwa hiyo kwa binti wetu kazi ngumu ya mwisho ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia, mita 1000 mara 3 kwa nguvu. Jumamosi iliyofuata ile 10 ikawa 7 za taratibu, Jumapili kalala. Na hapo ndipo wiki yenyewe inapoanza.

## Hatua ya 3: Kata kilomita kwa nusu, spidi usiiguse

Wengi hapa ndipo wanapoteleza. Wakisikia "punguza" wanapunguza kila kitu, mtoto anajogi taratibu wiki nzima, halafu Jumamosi raundi ya kwanza yamshtua kama hajawahi kukimbia kasi maishani.

Kinachochosha zaidi ni wingi. Kinachoushikilia mwili ukae tayari ni kasi. Basi unatoa wingi, unaacha kasi. Mwaka 1992 wakimbiaji tisa wa masafa ya kati walijaribiwa kwa njia tatu katika wiki ya mwisho: kupumzika tu, kujogi kidogo taratibu, na kukimbia vipande vichache sana vya mita 500 kwa kasi kubwa. Waliofanya vipande vichache vya kasi waliweza kuendelea kwa mwendo wa mbio zao za 1500 muda mrefu zaidi kwa asilimia 22. Kupumzika tu hakukuwasaidia kitu.

Usidhani muda wa mbio utashuka kwa asilimia 22 lakini. Kwa wanariadha waliozoea mazoezi, faida ya kupunguza mzigo vizuri kwenye matokeo huwa kama asilimia 2 au 3, na kwa mtu wa dakika 5 hiyo ni sekunde 6 mpaka 9. Kwenye fainali ya kaunti sekunde 6 ndo tofauti ya medali na kupiga makofi.

Kiasi cha kukata ni kati ya asilimia 40 na 60 ya kilomita. Idadi ya siku za mazoezi iache kama ilivyo, kila siku fupisha tu. Wiki yetu ikawa hivi:

- Jumatatu: kilomita 5 taratibu, kisha mita 80 mara 4 za kufungua hatua, bila kukaza.
- Jumanne: kazi ya kasi (hatua ya 4), jumla kilomita 4 na ushei.
- Jumatano: kilomita 4 taratibu sana, mwendo wa kupiga soga.
- Alhamisi: mita 200 mara 3, jumla kilomita 3.
- Ijumaa: dakika 12 hivi za jogi, kilomita 2.
- Jumamosi: mbio.

Jumla kama 18. Nusu ya 36. Hiyo ndo hesabu yote, haina uchawi.

## Hatua ya 4: Jumanne, siku inayohitaji jicho la kocha

Hii nitaikalia kidogo maana ndo moyo wa wiki.

Lengo ni dakika 5, kwa hiyo kila mita 100 ni sekunde 20, mita 300 ni sekunde 60. Kazi ni mita 300 mara 4, kila moja sekunde 60, katikati dakika 2 za kutembea. Kabla yake kilomita 2 za kupasha mwili, baada yake kilomita 1 ya kupoa. Mita za kasi zote ni 1200, wakati Jumanne ya kawaida ni 3200.

Pima 300 kwa tepu, weka chupa kila mita 100, simama mahali unapoziona zote. Akipita chupa ya kwanza sekunde ziwe 20, ya pili 40. Usitazame saa tu, mtazame na yeye: mabega yako chini, ngumi hazijakazwa, uso haujakunjamana. Akimaliza ya nne aweze kukwambia sentensi nzima bila kukatika pumzi ndani ya dakika moja na nusu hivi, na abaki na hamu ya kukimbia nyingine.

Hamu hiyo ndiyo mtihani wenyewe, wako na wake. Binti wetu ya kwanza alipiga 60, ya pili 59, ya tatu 57. Nikamsimamisha.

"Mwalimu, naihisi nyepesi leo, niache niende hata 55."

"La mwanangu. Ya mwisho nipe 60. Ukinipa 57 tena nakuvua spaiki."

Akacheka, akapiga 60. Ile 57 haikuwa dhambi, ila ukiiacha ya nne inakuwa 54, na mita 300 kwa 54 kwa mtoto wa dakika 5 si kujikumbusha mwendo tena, hapo ashaingia kwenye trayo na wewe ulisema hakuna trayo. Tena anakariri mwendo usio wake, Jumamosi akifyatuka na 54 kwenye 300 ya kwanza ujue raundi ya tatu atawaona wenzake migongo.

Na kama sekunde 60 zamtoa jasho na ya tatu inafika 62, 63? Usiongeze mapumziko ili amalize. Simamisha hapo hapo. Yamaanisha wiki iliyopita alibeba zaidi ya ulivyoandika, na dawa ni Jumatano alale badala ya kujogi.

Jambo la mahali: hii ifanyike kwenye nyasi au udongo ulioshikana, sio ufuoni. Najua wengi wetu maji yakipwa twapenda kukimbiza watoto kule kwenye mchanga na kwa mwezi wa kawaida si vibaya. Wiki hii hapana. Mchanga laini huvuta mashavu ya miguu na kano ya kisigino, na maumivu yake hayaji siku ile, huja kesho na keshokutwa, yaani Alhamisi. Hata ule mchanga mgumu wa karibu na maji umelala upande, mguu mmoja wakimbia juu mwingine chini.

## Hatua ya 5: Jumatano atalalamika, jiandae

Karibu kila mtoto ikifika Jumatano au Alhamisi atakuja na uso mrefu. Miguu mizito, goti linawasha ambalo halijawahi kuwasha, ati hana pumzi. Wako atakwambia kama wangu alivyoniambia: "Mwalimu, nahisi nimelegea, niongeze kidogo niichangamshe?"

Usiongeze. Sehemu ya uzito huo ni kwamba misuli imejaza akiba yake ya wanga maana haichomwi kama kawaida, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Mizani yaweza kupanda nusu kilo mpaka kilo. Mtoto wa kike akiona hivyo ataanza kujinyima chakula, na hapo ataharibu akiba ile ile unayoitaka Jumamosi. Mwambie mapema, Jumapili, kwamba hisia hii itakuja, ikija asishtuke.

Utajuaje kama ni uzito wa kawaida au tatizo? Mapigo ya moyo. Kila asubuhi kabla hajatoka kitandani ahesabu kwa sekunde 30, azidishe kwa mbili, aandike. Miguu mizito lakini mapigo yako pale pale na usingizi wampata, ni kawaida, endelea na ratiba. Mapigo yamepanda kwa 8 au 10 juu ya yale aliyoyazoea, asubuhi mbili mfululizo, na koo lauma au hana hamu ya kula, hiyo ni homa inakuja, futa mazoezi yaliyobaki. Na huku kwetu homa ni ya kwenda kupimwa malaria, sio ya kunywewa panadoli na kungojewa.

## Hatua ya 6: Alhamisi na Ijumaa

Alhamisi ni fupi mpaka yachekesha. Jogi kilomita 2, mita 200 mara 3 kwa sekunde 38 mpaka 40, katikati dakika 3 nzima, kisha apoe kidogo aende. Hii ifanye saa nne asubuhi kama shule itakubali, au Jumanne ukiweza, ili mwili ukutane na jua la saa ya mbio mara moja wiki hiyo. Hizo nyingine zote fanya alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni.

Ijumaa wengine hawakimbii kabisa, na kwa vijana wa Kiislamu siku yenyewe ina mambo yake, si neno. Mimi napendelea zile dakika 12 na kufungua hatua mara 3 kwa sababu watoto wengi wakilala siku nzima Jumamosi huamka wamekakamaa. Lakini hili ni la mtu na mtu, ndo maana msimu mzima uliopita ulitakiwa uwe umeshalijaribu kwenye mashindano madogo.

Ile safari ya feri na madumu, wiki hii ongea na mzazi. Mimi nilimpigia mamake, shikamoo mama, naomba huyu maji apumzishwe kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi, kaka zake wachote. Alicheka lakini alikubali. Kandanda nayo piga marufuku kabisa, kifundo kikiteguka Alhamisi ratiba yote hii ni karatasi.

Chakula kiasi chake cha kawaida, kisipunguzwe kwa kuwa mazoezi yamepungua. Wali, ugali, chapati, ndizi, samaki, vyote alivyozoea. Usiku wa Ijumaa asile kigeni, na viazi karai vya barabarani na pilipili ya ukwaju vingoje Jumamosi jioni. Maji anywe kidogo kidogo siku nzima, mkojo uwe wa manjano hafifu. Madafu ni sawa tu.

## Hatua ya 7: Jumamosi, punguza na kupasha mwili

Hili watu husahau. Umepunguza wiki nzima halafu asubuhi unamzungusha uwanja nusu saa kwenye jua, kazi yote imekwenda na jasho. Wenye umri wanakumbuka 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa hapa kwenye uwanja wa gofu, joto na unyevu vikawatoa wakimbiaji wengi njiani, hata Kenenisa Bekele aliyekuwa bingwa wa miaka hiyo hakumaliza. Sisi twaishi nalo joto hili na tuna nafuu, lakini nafuu si kinga.

Staftahi saa moja asubuhi, mkate au mahamri mawili na chai, ndizi. Kupasha mwili kuanze dakika 30 kabla ya mbio: jogi dakika 8 mpaka 10 chini ya miti, kunyoosha kwa kutembea, kufungua hatua mara 3, kisha kivulini na maji ya kujimwagia kichwani na shingoni mpaka jina liitwe. Dalili nzuri ni jasho jepesi na pumzi iliyotulia. Akiwa amelowa chepechepe kabla ya bunduki, umezidisha.

Na hakikisha hajaongezwa mbio. Wetu asubuhi ile tulikuta ameandikwa rilei ya 4 kwa 400 na pia 800 ambayo mchujo wake ulikuwa kabla ya 1500. Mwalimu mwenzangu alitaka pointi za shule, namwelewa. Tukakubaliana 800 aondolewe, rilei aje baada ya 1500 kama miguu ipo.

## Ambao ratiba hii haiwafai hivi ilivyo

Mtoto anayefanya mazoezi siku mbili au tatu kwa wiki hana mzigo wa kupunguza wiki nzima, huyo kata siku 3 za mwisho tu. Kumpunguzia wiki nzima ni kumwachisha mazoezi.

Wa mita 100 na 200 kanuni ni ile ile ila kata idadi ya mara na umpe mapumziko marefu, dakika 5 na zaidi kati ya kila mbio, kila mbio iwe kasi kamili lakini ziwe 3 au 4, na mguu ukianza kuvuta nyuma ya paja basi siku imekwisha.

Msimu ukiangukia Ramadhani kazi ya kasi ihamishie baada ya futari akishapata maji, na kilomita ukate zaidi kidogo, karibu na ile asilimia 60.

## Baada ya mbio, daftari tena

Wetu alikimbia dakika 4 na sekunde 57, wa pili. Raundi ya kwanza sekunde 79, karibu mwendo ule ule wa Jumanne. Rilei alikimbia pia, na ilimchosha kweli kweli.

Jumapili nilimwambia aandike wiki nzima kwa mkono wake, siku gani alijisikia vipi, manake rijino, yale mashindano ya ngazi inayofuata kaunti, iko baada ya wiki mbili na ratiba hii tutairudia. Kwenye Ijumaa aliandika: "Jogi sikuitaka, nilikuwa nataka kulala." Kwa hiyo rijino Ijumaa yake itakuwa mapumziko, na zile kilomita 2 nimezifuta.